Kutoka Kilojuli za Pedali hadi Kilokalori za Mwili: Kukadiria Nishati Itumiwayo na Waendesha Baiskeli wa Rubavu

Rubavu ni mji ulio ufukweni mwa Ziwa Kivu, takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara ielekeayo Musanze hupanda milima. Barabara hizo hutumiwa na washindani wa Tour du Rwanda na vilevile na abanyonzi, yaani waendesha baiskeli wanaobeba abiria na mizigo. Makala haya yanafafanua jinsi kazi ya pedali inavyogeuzwa kuwa makadirio ya chakula, na kwa nini kanuni inayowafaa washindani inaweza kuwapunja abanyonzi.

Kipima nguvu hupima kazi inayofika kwenye pedali: wati 100 kwa saa moja ni kilojuli 360. Mwili hutumia nishati nyingi zaidi ya hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa hupotea kama joto. Ufanisi wa jumla wa mwendesha baiskeli huwa baina ya asilimia 20 na 25. Kwa kuwa kilokalori moja ni sawa na kilojuli 4.184, ufanisi wa asilimia 24 hufanya hesabu hizo mbili karibu zifutane, na ndipo ilipozaliwa kanuni kwamba kilojuli moja ya pedali ni kilokalori moja ya mwili. Ufanisi huo tayari unajumuisha matumizi ya mwili uliopumzika. Kuyaongeza tena kwa muda uleule ni kuyahesabu mara mbili.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Mwendeshaji, baiskeli na abiria wana jumla ya kilo 150, nao wanapanda mita 100 za wima. Kushinda mvutano wa dunia pekee kunadai kilojuli 147. Msuguano wa matairi na mnyororo ukikadiriwa kuwa kilojuli 23, jumla ni 170. Kanuni ya mkato inatoa kilokalori 170. Ufanisi ukiwa asilimia 20, jibu sahihi ni 203. Mpando huo ukirudiwa mara 10 kwa siku, pengo ni takriban kilokalori 330, karibu sawa na gramu 90 za unga wa mahindi.

Upungufu mwingine hujitokeza mwendeshaji anaposhuka na kuisukuma baiskeli mlimani. Kipimo cha pedali husoma sifuri ilhali misuli inafanya kazi kubwa. Dalili yake katika rekodi ni mwendo unaoendelea kupanda bila wati zozote. Vipindi hivyo sharti vitengwe na kukadiriwa kwa kupima oksijeni inayovutwa, ambapo kila lita inawakilisha takriban kilokalori 5. Mshauri wa sera anayepanga mlo wa wachukuzi kwa kilojuli za pedali peke yake atakuwa ameacha nje sehemu ngumu kuliko zote ya siku yao.