Fahamu: Kuondoa rangi ya nyuma kwenye picha ya pasipoti bila kukata nywele

Ukingoni mwa nywele, pikseli moja hubeba rangi mbili: ya unywele na ya ukuta ulio nyuma. Kwa hiyo kufuta eneo zima la rangi moja huacha utando mweupe au hunyoa nywele. Katika GIMP, amri ya `Color to Alpha` huzitenganisha rangi hizo mbili. Nywele zikiwa nyeusi na ukuta mweupe wa 255, pikseli ya kijivu cha 102 hugeuka nyeusi iliyokolea kwa asilimia 60. Asilimia 40 huwa uwazi. Tatizo ni kwamba ngozi, weupe wa macho na shati navyo hupata uwazi. Nakala ya picha halisi, iliyobakizwa uso na mavazi tu, huwekwa chini kuziba. Tabaka jekundu likitandazwa chini kabisa, kasoro zilizosalia hujitokeza.