Ukurasa Mpya wa Malipo, kwa Wateja Kumi katika Mia

Tuseme kuna duka la Dar es Salaam linalouza vyombo vya jikoni mtandaoni. Kwa miaka kadhaa mteja amekuwa akipewa Lipa Namba, analipa kwa simu, kisha anarudi kwenye tovuti kuandika namba ya muamala. Wengi huishia njiani. Sasa mafundi wametengeneza njia fupi: mteja anaandika namba yake ya simu, kidirisha kinajitokeza kwenye simu, anaweka namba ya siri, basi.

Njia hiyo imejaribiwa ofisini na inafanya kazi. Lakini ofisini kuna simu nne na mtandao mzuri. Kwa hiyo mafundi hawaifuti njia ya zamani. Wanaziweka zote mbili ndani ya programu, na katikati wanaweka swichi inayoamua nani aone ipi:

```
if (hash("malipo_mapya" + mteja.id) % 100 < asilimia) {
    njiaMpya();
} else {
    njiaYaZamani();
}
```

Mstari wa kwanza ndio wenye kazi. Unachukua jina la swichi pamoja na namba ya mteja, unavigeuza kuwa kitambulisho kati ya 0 na 99, na kitambulisho hicho hakibadiliki. Asilimia ikiwekwa 10, wenye 0 hadi 9 wanaona njia mpya. Ikipandishwa hadi 25, wale wa mwanzo wanabaki humo na wengine wanaongezeka. Kama programu ingepiga kura upya kila ukurasa unapofunguliwa, mteja angeona kidirisha sasa hivi na Lipa Namba dakika moja baadaye, na asingeliamini duka hilo tena.

Asilimia yenyewe haikai ndani ya programu. Inakaa kwenye mpangilio ambao seva zinausoma upya, tuseme, kila baada ya sekunde 30. Kuibadilisha hakuhitaji kupandisha toleo jipya.

Wanaanza na wafanyakazi wenyewe, halafu asilimia 1. Hatua hiyo hunasa makosa ya wazi tu, kwa sababu duka lenye wanunuzi 2,000 kwa siku linapata watu 20 hivi, na wawili wakishindwa huwezi kujua kama ni hitilafu au wameghairi. Kwenye asilimia 10, watu 200, ndipo namba zinaanza kusema.

Na zinasema hivi. Kwenye njia ya zamani, watu 80 katika 100 wanaoanza kulipa wanamaliza. Kwenye mpya wanamaliza 62. Anayetazama jumla ya duka zima ataona 78 na kitu, ataamini ni siku mbaya tu, na atakwenda kula. Ni lazima makundi mawili yalinganishwe kwa saa zilezile. Wakichambua zaidi, wanakuta wateja 150 wa mtandao mmoja wa simu wamemaliza 120, kama kawaida. Wa mtandao mwingine walikuwa 50 na wamemaliza wanne. Uthibitisho wa mtandao huo unachelewa, na ukurasa mpya unakata tamaa kabla haujafika.

Asilimia inarudishwa 0. Chini ya dakika moja, kila mnunuzi mpya yuko kwenye Lipa Namba.

Wanaosahaulika ni wale waliokwisha kuweka namba ya siri wakati swichi inazimwa. Fedha zao zimeondoka na uthibitisho uko njiani. Ukifika ukakuta mlango umefungwa, mteja ataambiwa alipe tena. Ndiyo maana swichi huamua tu oda ianze wapi. Oda yenyewe huandikwa imeanzia njia ipi, na sehemu inayopokea uthibitisho wa njia mpya huachwa wazi mpaka oda ya mwisho ikamilike. Njia ya zamani nayo lazima iweze kusoma oda zilizoandikwa na mpya. Hili likikosekana, swichi inazima ukurasa lakini haizimi tatizo.

Hitilafu ikirekebishwa wanapanda tena: 10, 25, 50, 100. Mambo yakitulia, njia ya zamani na swichi vyote vinaondolewa. Kazi hii ndiyo huahirishwa kuliko zote, na sioni udhuru wake. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya hisa ya Marekani, Knight Capital, ilitumia tena swichi ya zamani kwa kazi mpya. Seva moja kati ya nane haikuwa imepata programu mpya. Swichi ilipowashwa, kwenye seva hiyo iliamka programu iliyokuwa haitumiki kwa miaka, ikaanza kutuma oda za hisa mfululizo. Kwa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Kwa mafundi wa duka letu, siku ya kufuta swichi inaandikwa kwenye kalenda siku ileile inapotengenezwa, pamoja na jina la atakayeifuta.