Kinga ya soketi haizuii kompyuta kujizima

Tuchukue duka la fotokopi lililopakana na muuza juisi. Kila friza ya jirani inapoanza kunguruma, taa hufifia kidogo, na kompyuta hujizima kisha ikawaka upya. Barua ya mteja iliyokuwa haijahifadhiwa imepotea. Mwenye duka ananunua ile soketi ndefu ya kinga ya umeme, lakini mambo yanabaki yale yale. Kinga si mbovu, ila dawa hiyo si ya ugonjwa huo.

Stima yetu ni ya volti 240, na husumbua kwa njia mbili: hupanda ghafla au hushuka. Kinga hufanya kazi umeme unapopanda kwa kufumba na kufumbua. Huudaka ule uliozidi na kuutupa, hasa kwenye waya wa ardhi. Kwa hivyo nyumba isiyo na waya wa ardhi haipati kinga kamili. Umeme ukishuka, kinga haina cha kuongeza.

Mota ya friza inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida yake, na waya ule ule unaolisha maduka mawili hulemewa. Kompyuta huweza kuvumilia pengo la takriban sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Likizidi hapo, inajizima.

Tazama taa. Zikififia kompyuta inapozima, umeme umeshuka. Zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida na kuendelea hivyo, zima swichi kuu na uite fundi, kwani huenda waya wa nyutro umelegea, na hapo kinga haitoshi. Taa zikitulia tuli na kompyuta bado inajizima, kagua kompyuta yenyewe: huenda inapata joto kupita kiasi au kifaa chake cha kugawa umeme kimechoka.

Dawa ya umeme unaoshuka ni UPS, yaani betri inayoshika kazi mara moja. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 360 hivi. Kompyuta ya mezani na skrini yake hutumia kama wati 150, kwa hivyo utapata dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Usiichomeke printa ya leza upande wa betri, kwa sababu inapopasha joto huvuta umeme mwingi na UPS italemewa.

Joto letu la Pwani hufupisha umri wa betri, basi usiiweke juani wala nyuma ya friji. Kila mwezi hifadhi kazi yako, zima swichi ya ukutani, uone kama kompyuta itabaki imewaka. Ikizima papo hapo, betri imekwisha. Badilisha betri, si lazima UPS nzima.