Meno ya kahawia: ubaya uko katika maji, siyo katika mswaki

Katika vijiji vingi vilivyo chini ya mlima Meru na mlima Kilimanjaro, utakuta watu wengi wenye meno yenye mabaka. Wengine wana mistari myeupe kama chaki. Wengine wana meno ya kahawia, na wengine meno yao yamejaa vishimo. Watoto wenye meno hayo huchekwa shuleni kuwa hawapigi mswaki. Wasichana hufunika mdomo kwa mkono wanapocheka. Wako pia wanaosema kuwa ni jambo la ukoo. Ukweli ni kwamba meno hayo yameharibiwa na maji ya kunywa.

Je, ni kitu gani kilichomo katika maji hayo?

Maji hayo yana madini yanayoitwa floraidi. Miamba iliyotokana na volkano ina madini hayo kwa wingi. Maji yanapopita chini kwa chini kati ya miamba hiyo huyayeyusha na kuyachukua, kisha hutokeza katika chemchemi na visima. Floraidi kidogo huyalinda meno yasioze. Ikizidi, huyaharibu. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa lita moja ya maji ya kunywa isiwe na zaidi ya miligramu 1.5. Lakini katika sehemu nyingine za Arumeru, kama vile Maji ya Chai, yamepatikana maji yenye floraidi mara kadhaa ya kiasi hicho.

Floraidi haionekani, haina harufu, na huwezi kuitambua kwa kuonja. Maji meupe na matamu yanaweza kuwa nayo nyingi. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza pia kutofautiana sana. Njia ya kujua ni kupeleka maji yakapimwe na wataalamu wa maji. Serikali ya kijiji inaweza kuomba visima vyote vipimwe, ili wananchi wajue kipi ni cha kunywa na kipi ni cha kufulia.

Meno huharibika lini?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Jino la ukubwani huanza kutengenezwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla ya kuota. Wakati huo ndipo floraidi nyingi huzuia ganda la nje la jino lisikomae vizuri. Jino huota likiwa na ganda lenye vitundu vidogo sana. Baadaye rangi ya vyakula na vinywaji huingia humo, na baka jeupe hugeuka kahawia. Kwa hiyo meno ya mtoto wa miaka 7 yanayoota leo yanaonyesha maji aliyokunywa alipokuwa mdogo sana.

Hatari ni tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8 hivi. Kwa meno ya mbele, miaka mitatu ya kwanza ndiyo mibaya zaidi. Mtu aliyehamia kijijini akiwa mkubwa, meno yake hayatapata mabaka haya. Lakini asidhani kuwa yuko salama kabisa. Akinywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa yake inaweza kukakamaa, na mgongo na viungo vikauma. Watoto nao wanaweza kupata matege.

Mabaka haya hutambulikana kwa urahisi. Hutokea pande zote mbili za kinywa kwa kufanana: jino la kulia likiwa na mabaka, mwenzake wa kushoto huwa nayo pia. Hayatoki kwa mswaki. Jino lililooza huwa na tundu mahali pamoja, na mara nyingi huuma.

Tufanye nini?

Kwanza, tusitegemee kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi hubaki. Tena, maji yakipungua kwa mvuke, yale yaliyobaki sufuriani huwa na floraidi nyingi zaidi kwa kila lita.

Pili, mama anyonyeshe. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima kibaya. Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji wala uji.

Tatu, tutumie maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi. Wengi huona jambo hili haliwezekani kwa sababu hawana tangi kubwa. Lakini tufanye hesabu. Tuseme nyumba ina watoto wawili walio chini ya miaka 8. Maji yao ya kunywa, pamoja na uji na chakula chao, ni kama lita 5 kwa siku. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba kina siku 150 hivi. Zidisha 5 kwa 150, utapata lita 750. Mapipa manne ya lita 200 yanatosha. Paa la bati la mita 4 kwa mita 5 huleta karibu lita 200 kwa mvua ya milimita 10. Maji ya kisima yabaki kwa kuoga, kufua na mifugo.

Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa. Mapipa yasiwe yale yaliyowekwa dawa za shamba au mafuta. Yafunikwe vizuri, na maji ya kunywa yachemshwe ili kuua vijidudu.

Kama maji ya mvua ni machache, yachanganywe. Kisima chenye miligramu 6 kwa lita, ndoo moja ya maji yake ikichanganywa na ndoo tatu za mvua, hutoa maji yenye miligramu 1.5.

Nne, tuache kutia magadi katika maharage na makande. Magadi yanayochotwa ardhini yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na mtoto huila pamoja na chakula. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji hayo, kisha upike.

Tano, iko chujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi. Kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeishughulikia njia hii kwa miaka mingi. Usijichomee mifupa nyumbani kwa kukisia. Isipoiva, maji hunuka. Ikiungua mno ikawa meupe kabisa, hainasi vizuri. Mkaa huo pia huchoka baada ya muda, na maji huendelea kutoka meupe vilevile. Lazima yapimwe mara kwa mara, na mkaa ubadilishwe.

Na meno yaliyokwisha haribika?

Hakuna dawa ya kunywa ya kuyarudisha. Usiyasugue kwa mchanga wala maji ya betri, maana utamaliza ganda lililobaki. Tabibu wa meno anaweza kupunguza mabaka madogo kwa kuyasugua kitaalamu, na kuziba vishimo kwa dawa yenye rangi ya jino. Kazi hiyo ina gharama, wala haipatikani kila hospitali.

Maswali ya kujadili kisomoni

1. Kijiji chetu kina visima vingapi, na vipi vimepimwa floraidi?
2. Nyumbani kwako kuna watoto wangapi walio chini ya miaka 8? Watahitaji mapipa mangapi ya maji ya mvua?
3. Kwa nini kuchemsha maji hakusaidii kuondoa floraidi?