Kadi tano kwa mtu mmoja: kikomo cha safu hakitoshi

Fikiria ubao wa Kanban wa watafiti wanne. Una safu tatu: Bado, Inafanyika, Imekamilika. Safu ya katikati ina kikomo cha kadi 8, yaani kama mbili kwa kila mtu. Safi, si ndiyo? Sasa soma majina. Kumbe kadi 5 ni za mtu mmoja, yule anayejua takwimu. Kikomo hakijavunjwa, lakini mwenzenu ameelemewa.

Hesabu yake ni rahisi. Mwaka 1961, John Little alithibitisha kanuni hii: ukigawanya idadi ya kazi zilizo mkononi kwa idadi ya kazi zinazokamilika kila wiki, unapata wastani wa wiki ambazo kazi moja inakaa mkononi. Kanuni inafanya kazi pale kazi zinapoingia na kutoka kwa kasi inayolingana. Mtu wetu anamaliza kadi 1 kwa wiki. Akishika 5, kila moja inakaa naye wiki 5. Akishika 2, wiki 2. Hajaongeza kasi hata kidogo. Ila zile 3 zimebaki Bado, ambako mwingine anaweza kuzichukua, au mnaweza kubadilisha ipi itangulie.

Kwa hiyo weka kikomo cha mtu pia. Mpe kila mmoja vibandiko 2 vyenye jina lake. Kadi haiingii Inafanyika bila kibandiko, na vibandiko vikiisha huchukui kadi mpya. Unamaliza uliyonayo, au unamsaidia mwenzako kumaliza yake.

Ujanja utakaouona mapema ni huu: mtu anaisogeza kadi pembeni, anasema "hii inamsubiri msimamizi," kisha anachukua nyingine. Msimamizi akijibu, kazi zote zinamrudia kwa pamoja. Basi kadi inayosubiri ibaki na kibandiko chake. Kitamkera, na atafuatilia hilo jibu.

Andika pia kwenye kadi tarehe iliyoingia Inafanyika. Kadi zikizeeka huku mwenyewe akirukaruka kati yake, punguza kikomo kiwe 1. Akikaa bure kwa sababu zote mbili zinasubiri watu wa nje, na kufuatilia hakusaidii, jaribu 3.

Baada ya wiki chache, huenda kadi za takwimu zikarundikana kwenye Bado. Usikimbilie kumwongezea mtaalamu wenu vibandiko. Rundo hilo lilikuwepo tangu mwanzo, ila lilifichwa mikononi mwake. Sasa mnaliona, na dawa yake ni mwenye kibandiko kilicho wazi akae naye kwenye uchambuzi unaofuata, ajifunze. Wiki hiyo kazi itakwenda polepole. Lakini siku mtaalamu akiugua, takwimu hazitasimama.