Saruji ya Newala: kweli au si kweli?

"Mwenye duka mzoefu hutazama rundo tu akajua wakati wa kuagiza."

Si kweli. Rundo linakuonyesha kilichopo, halikuambii kitauzwa kiasi gani kabla lori halijapanda kutoka Mtwara. Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi Newala, kwa tarakimu za mfano. Linauza mifuko 6 ya saruji kwa siku, na mzigo hufika siku 4 baada ya kuagiza. Mifuko 24 basi itatosha, ila kwa siku za kawaida tu. Zipo siku za kuuza mifuko 10, na mvua ikiharibu safari mzigo huchukua siku 7. Hali mbaya namna hiyo inahitaji mifuko 70. Tofauti yake na ile 24, yaani mifuko 46, ndiyo akiba ya tahadhari. Stoo ikishuka hadi 70, agiza siku hiyohiyo. Mzigo ulioagizwa ukiwa bado njiani, ujumlishe na uliopo, la sivyo utaagiza mara mbili.

"Kiwango hicho kikishapatikana, kinatumika mwaka mzima."

Hapa ndipo wengi huumia, Newala hata Masasi. Minada ya korosho huanza kwenye Oktoba, lakini mnada peke yake haumnunulii mtu saruji. Fedha ikishapitia chama cha msingi na kuingia kwenye akaunti ya mkulima, ndipo nyumba zinapoanza kuinuka. Kwa hiyo fuata malipo, si kalenda. Mauzo ya juu yakifika mifuko 22 kwa siku, na lori bado linachukua siku 7, kiwango cha kuagiza kinapanda hadi 154. Malipo ya mwisho yakikaribia, kishushe mapema, kabla wateja hawajapungua.

"Akiba kubwa haina hasara."

Kwa misumari, karibu kweli. Hasara yake ni fedha iliyolala. Kwa saruji, hapana. Hata ikitunzwa pakavu, baada ya miezi kama mitatu nguvu yake hupungua, na unyevu wa huku juu uwandani huharakisha kupungua huko. Ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Mfuko wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole usimuuzie mtu wa nguzo.

"Daftari likiandikwa vizuri, kuhesabu ni kupoteza muda."

Si kweli, maana daftari halioni mfuko uliochanika. Saruji ihesabiwe kila wiki kabla duka halijafunguliwa, misumari kila mwezi inatosha. Ahesabu mtu asiyeandika mauzo, na asionyeshwe jibu la daftari kwanza. Daftari likisema 83 na stoo ikiwa na 78, usiandike 78 ukanyamaza. Anza na mifuko ya mkopo: fundi huchukua mitano jioni akiahidi kulipa kesho, na hakuna anayeiandika. Kisha tazama iliyoganda na iliyochanika. Vyote visipojibu, rudi kwenye hati ya kupokelea mzigo. Huenda lori halikushusha idadi iliyoandikwa.