Je, Wajua? Blauzi Huvalishwa Pichani Bila Kuguswa

Muuza blauzi za vitenge wa Nkome, kando ya Ziwa Victoria mkoani Geita, anaweza kumvalisha mwanamitindo mmoja mzigo wote bila mtu huyo kubadili nguo. Kwa kila blauzi zinahitajika picha mbili tu: ya mwanamitindo aliyesimama akiitazama kamera, na ya blauzi iliyotandazwa juu ya shuka jeupe.

IDM-VTON, programu ya kuvalisha nguo pichani iliyotolewa mwaka 2024 na watafiti wakiwemo wa taasisi ya KAIST ya Korea Kusini, kwanza huifuta nguo aliyovaa mwanamitindo. Kisha husoma mkao wa mabega na viwiko, na kuichora blauzi mpya mahali palipofutwa. Leseni yake, hata hivyo, hairuhusu matumizi ya biashara, kwa hiyo muuzaji atafute programu yenye ruhusa.

Kasoro hujificha kwenye maandishi. Kabla ya kuchora, programu ya aina hii hubana picha mara 8 kwa upana na mara 8 kwa urefu, hivyo blauzi iliyoshonwa kwa kanga inaweza kutoka na rangi sahihi huku herufi za jina lake zikiwa zimevurugika. Kuza picha usome neno kwa neno. Likiwa halisomeki, weka kando yake picha halisi ya kitambaa.

Saizi nayo haipimwi. Blauzi ya kifua cha inchi 34 itaonekana imemkaa vyema mwenye inchi 42, na mteja atairudisha. Vipimo vya futikamba viandikwe chini ya kila picha.